Lango la Saa Sita

Skuli nyingi za serikali mjini Unguja zimekuwa na mikondo miwili. Watoto wa asubuhi huingia saa moja na nusu hivi, wakatoka karibu na adhuhuri. Wa mchana huyapokea madawati yale yale na kusoma hadi alasiri. Miaka ya karibuni serikali imejenga skuli za ghorofa ili mikondo iondoke, ila mtaani kwetu watoto walikuwa bado wamezidi madarasa. Mgeni akitaka kuwaona watu wa mji huu wamejikusanya mahali pamoja, namshauri aiache Forodhani kwanza. Aende penye lango la skuli saa sita mchana, mkondo mmoja unapotoka na mwingine unapoingia. Atakuta Vespa zimepakia watoto watatu watatu, baiskeli za mabibi na mabwana, wasichana wa ushungi mweupe wakipishana na wavulana wenye vumbi la asubuhi nzima, na wazee wao wamesimama juani wakingoja.

Mimi nilikuwa mmoja wa wangojaji hao. Mume wangu alihamishiwa Unguja kikazi, nasi tukavuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya takriban saa mbili, tukapanga Kikwajuni, karibu na mabloku yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwetu ni Njombe, na kazi yangu ni kuhariri vitabu, kazi inayofanyika popote penye meza. Nilikuja na orodha ya mahali pa kutembelea: Beit el Ajaib, Mangapwani, mashamba ya viungo ya Kizimbani. Baadhi nilifika. Lakini mahali nilipokwenda kila siku ya kazi, kwa mwaka na ushei, ni pale langoni, kumchukua binti yangu wa darasa la pili.

Mazungumzo ya langoni yana ratiba yake, na mwanzoni ratiba hiyo ni fupi mno.

"Hujambo?"

"Sijambo. Hali yako?"

"Njema. Nyumbani?"

"Salama. Watoto?"

"Hawajambo. Wametoka?"

"Bado."

Basi. Kengele inalia, kila mtu anamtafuta wake. Kwa wiki kadhaa sikuwa na zaidi ya hayo, na wala sikuona kwamba nimepungukiwa. Unguja salamu haifanywi kwa haraka. Aliyekuuliza hali ya nyumbani hana budi kuulizwa ya kwake, na ukiwasalimu watu watano kwa zamu, dakika zako kumi zimekwisha. Nilichokipenda ni kwamba mazungumzo haya yana mwisho wake tayari. Mtu ukimkaribisha sebuleni hujui ataondoka saa ngapi, na asipokuwa na la kusema mnatazamana. Langoni kengele huwaokoa wote wawili. Mtu mwenye haya anaweza kumsemesha mgeni pale akijua kwamba baada ya dakika chache hatadaiwa neno. Nadhani ndiyo sababu hata yule babu mkimya aliyekuja na baiskeli kumchukua mjukuu wake alizungumza na kila mtu. Baada ya "shikamoo" na "marahaba" alikuwa na swali moja tu, kila siku lile lile: "Mvua itanyesha?" Alikuwa akiuliza hata Januari, mbingu kavu.

Majina hatukuwa nayo. Mtu anatambulika kwa mwanawe au kwa chombo chake. Palikuwa na Baba wa Vespa, palikuwa na Mama Pacha, na mimi, kwa kuwa hawakumjua mtoto wangu, nilikuwa Mama wa Bara. Hakuna aliyeniita hivyo kwa ubaya. Ilichukua muda mrefu hadi nikawa mama wa mtoto wangu, na nilijua tu siku hiyo imefika pale dada wa bajia aliponiita kwa jina la binti yangu ili kunipa chenji yangu.

Dada wa bajia lazima nimweleze vizuri, maana bila yeye sijui kama pangekuwa na la kusimulia. Alikaa chini ya mkungu, hatua chache kutoka langoni, na beseni la bajia na kachori, chupa ya chatne ya nazi, ndoo ya juisi ya mabungo wakati wa msimu, na kibao kimoja kirefu cha kukalia. Wazee wapya, mimi nikiwamo, tulisimama upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja peke yake na simu yake. Wazoefu walikaa kwenye kibao. Nilihamia upande ule kwa sababu ya jua tu, wakati kivuli cha ukuta kilipofupika, na ndani ya wiki moja nikawa nimejua mambo ambayo kwa miezi miwili sikuyajua: mwalimu gani anataka daftari la mistari mipana, wapi Darajani sare inashonwa kwa bei ya kiasi, na kwamba ule mkutano wa wazazi ulioandikwa saa tatu utaanza saa nne.

Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walitoa kitabu kuhusu urafiki katika nyumba za wanafunzi wenye familia huko Massachusetts, Marekani. Walikuta kwamba walioishi chini, jirani na ngazi, walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wa chini, kwa sababu tu watu wa juu walilazimika kupita mlangoni pao. Nilikuwa nimewahi kuhariri sura ya kitabu iliyoutaja utafiti huo na nikaiona habari hiyo kavu. Kibao cha dada wa bajia kilinifanya niikumbuke. Ushahidi ulikuja Ramadhani, zile siku ambazo skuli ilikuwa haijafunga. Dada hakuja mchana, na kibao hakikuja. Watu wale wale, saa ile ile, lango lile lile, walitawanyika kila mmoja kwenye kivuli chake, na tukarudi kwenye salamu zetu za mwanzo. Funga ilichangia, sikatai. Nani ana hamu ya porojo saa sita na koo kavu? Lakini baada ya Idd, beseni liliporudi, ilitosha siku moja watu kubanana tena kwenye ule ubao kana kwamba hawakuachana.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akikaa mwisho wa kibao, upande wa lango, ili awaone wanawe kabla hawajamwona. Mwanamke mrefu, mcheshi, mshonaji wa nguo za harusi, mwenye pacha wa kike waliokuwa darasa moja na binti yangu. Nikimsikiliza kwanza nilifikiri ana wasiwasi na kila kitu. Baadaye nikaelewa kuwa analalamika ili kumfungulia mwenzake mlango. "Viatu hivi vya siku hizi, wallahi, miezi mitatu vishacheka." Ukijibu kwamba na vya wako vimecheka, mmeshaanza. Malalamiko madogo kuhusu kitu kisicho na mwenyewe, kama viatu, mvua au bei ya mbatata, hayamgusi mtu, tena humpa kila mmoja nafasi ya kukubaliana. Nimeona wazazi wakijaribu kuanza kwa sifa, na sifa ni ngumu kujibu. Ukimwambia mtu mwanawe anajua kusoma kuliko wote, atasema mashallah, kisha mtanyamaza.

Liko swali moja lililokuwa likiua mazungumzo kila lilipoulizwa: "Wako kapata wa ngapi?" Lilikuja baada ya mitihani ya muhula, mara zote kutoka kwa mzazi ambaye wa kwake amefanya vizuri. Nilimwona Baba wa Vespa akiulizwa, akacheka, akasema ripoti hajaisoma. Alikuwa ameikunja mfukoni. Tangu siku hiyo akawa anangoja juu ya Vespa yake, kofia ya chuma kichwani, na haikuwa rahisi kumrudisha. Watu wa langoni wameunganishwa na watoto, na watoto ndio wanaopangwa kwa namba, kwa hiyo ukigusa namba umegusa uzi pekee uliowashika. Mama Pacha alikuwa na dawa yake. Alipoulizwa, alijibu: "Wangu wawili, nikikwambia wa mmoja, mwengine atanilalamikia." Kisha akauliza bei ya bajia, anayoijua.

Yeye na mimi tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, viatu, mvua, daftari, na ningeweza kuondoka Unguja nikimkumbuka kama mtu mzuri wa kukaa naye kibaoni. Kitu kimoja tu kilinijulisha kwamba tumetoka hatua ile. Siku moja nilikuwa nimetaja, kwa kupita tu, kwamba mama yangu huko Njombe anasumbuliwa na jino. Siku tatu au nne baadaye, kabla hata ya salamu kwisha, aliniuliza: "Jino la mama lishang'olewa?" Nilipigwa na butwaa. Wengi hukuuliza hali ya mama. Anayekuuliza habari ya jino alikuwa amelibeba hadi nyumbani kwake, akalala nalo. Nikaanza kusikiliza kwa namna nyingine, nami nikajikuta najua kwamba gauni la bibi harusi wa Jang'ombe linachukua shanga kuliko zilizonunuliwa, na nikauliza limeishaje.

Halafu masika ikaingia. Mchana mmoja mvua ilinyesha hadi barabara ikawa mto wa rangi ya chai, na Mama Pacha hakutokea. Watoto wakatoka, wakachukuliwa, lango likapwaya. Pacha walisimama chini ya kibaraza cha ofisi wameshikana mikono, na mwalimu wa zamu, kwa haki yake, hakuruhusu mtoto kuondoka na mtu asiyeandikwa. Sikuwa na namba ya simu ya mama yao. Mtu niliyezungumza naye karibu kila siku kwa miezi, na sikuwa na njia ya kumpata! Mwalimu naye namba aliyokuwa nayo ilikuwa haipatikani. Nikakaa. Babu wa baiskeli naye akakaa, ingawa mjukuu wake alikuwa ameshatoka, akasema baiskeli haipendi maji. Tulikaa watu saba kibarazani, wazee wawili na watoto wanne na mwalimu, tukala kachori ambazo dada wa bajia alitusukumia kabla hajakimbilia kwao, na babu kwa mara ya kwanza hakuuliza kama mvua itanyesha.

Alikuja baada ya saa nzima na zaidi, ameloa, bila viatu. Mama yake alikuwa ameletwa kutoka shamba, Jambiani, amezidiwa, na yeye alikuwa Hospitali ya Mnazi Mmoja akihangaika, simu imekufa chaji. Alitutazama pale tulipokaa, akataka kusema kitu, akashindwa. Nikamwambia awaache pacha kwangu hadi jioni, ni hatua mia tatu tu. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake, mama akatia saini, nami nikaondoka na wasichana watatu chini ya mwavuli mmoja.

Hapo ndipo namba ziliposhikwa. Siku ya pili aliniletea bakuli la mkate wa kumimina limefungwa kitambaa, na bakuli, kama ijulikanavyo pwani yote, halirudishwi tupu. Nilitafakari sana. Mpishi wa Unguja humpelekei wali wa nazi. Ni kumpelekea fundi kitambaa ulichoshona mwenyewe. Kwa bahati ndugu zangu walikuwa wameniletea boksi la parachichi za Njombe, zimesafiri kwa basi hadi Dar na kwa boti hadi Malindi. Nikalijaza bakuli.

"Embe mafuta haya yametoka wapi?" alinipigia simu usiku. "Mbona makubwa hivi?"

Simu ile ilichukua zaidi ya nusu saa, na ya skuli hayakutajwa.

Nikiwa na tabia ya kuhesabu mambo, nilipiga hesabu moja baadaye. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa mwaka 2018 utafiti uliofanywa kwa watu waliohamia mji mpya na kwa wanafunzi wapya wa chuo. Alikadiria kwamba watu wanaofahamiana tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, kama 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ili wawe marafiki wa ndani. Tena saa ambazo watu wamechagua kuwa pamoja zilikuwa na uzito kuliko zile walizokutanishwa na kazi au darasa. Tanzania Bara mwaka wa masomo huhesabiwa siku 194. Nitumie hesabu hiyo kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Dakika kumi za langoni kila siku, kwa siku 194, ni saa 32 na dakika 20. Hata asiyekosa siku moja hafiki 50, na zote ni saa za kulazimika, maana hakuna aliyekwenda pale kumtafuta mwenzake. Ningebaki kibaoni mwaka mzima ningemjua Mama Pacha kama nilivyomjua babu. Lango linaweza kukuonyesha nani wa kumpigia simu. Saa zenyewe zinabidi zitoke kwingine.

Zetu zilitoka Jambiani. Mama yake alikuwa amepata nafuu na kurudi kwake, na Jumamosi moja Mama Pacha akaniambia: "Twende shamba, watoto wakaoge pwani." Watu wa mjini Unguja hupaita shamba kila mahali pasipo mjini, hata kama ni mchanga mtupu na bahari. Tulipanda daladala na watoto watatu, gunia la mchele na ndoo, tukapita Tunguu, tukapita Jozani, ambako dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara kama wenye nyumba, hadi Paje, kisha tukashuka kusini kwa njia ya pwani.

Bibi alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani hiyo ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Shamba ni vigingi vilivyopigwa chini ya maji mafupi, kamba zimevutwa kati yake, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa nyuzi ndogo zinazoitwa taitai. Kazi hufanywa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Bibi alitueleza kwamba aina iliyokuwa na bei nzuri, kotonii, siku hizi inamfia. Maji ya kina kifupi yamekuwa moto, mwani unapauka na kukatika, na kinachobaki ni spinosamu, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Alikuwa bado haruhusiwi kushuka majini. Kwa hiyo tulishuka sisi, Mama Pacha na mimi, maji ya magotini, yeye akifunga kwa kasi ya mshonaji na mimi nikifunga taitai moja wakati yeye amefunga tano.

Langoni kila alipoulizwa habari za mumewe alijibu, "Yuko safarini, hajambo." Nilikuwa nimelisikia jibu hilo mara nyingi na kulipokea kama lilivyo, Unguja kila familia ina mtu aliye Maskati. Pale majini alisema jambo hilo hilo, bila kuinua kichwa, kisha akaendelea. Mumewe alikuwa safarini Oman kwa miaka mitano. Pesa ilikuja. Sauti ilikuwa imeacha kuja. Pacha walikuwa wakimjua kwa picha. Hakulia na hakuomba ushauri, wala sikumpa. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, macho yako kwenye kamba, na nadhani kutotazamana kulisaidia, kwa kuwa mambo mengine mtu hawezi kuyasema akitazamwa. Nilipomaliza kamba yangu nami nilimweleza langu, ambalo halimo katika makala haya.

Tulirudi mjini Jumapili jioni, tumelala vichwa vikigonga bodi ya daladala. Ukizihesabu saa ambazo tulikuwa macho pamoja tangu Jumamosi asubuhi, zilizidi nusu ya zile za langoni kwa mwaka mzima.

Watoto, kwa upande wao, waligombana. Ulikuwa ugomvi mkubwa kwa kipimo cha darasa la pili: penseli za rangi zilizoazimwa zikarudi zimevunjika ncha, maneno yakasemwa, na binti yangu akatangaza kwamba hatacheza tena na yeyote kati ya wale wawili. Wazazi wa langoni huujua mtihani huu. Nimeona mama wawili wakiacha kusalimiana kwa sababu ya kifutio. Mimi na Mama Pacha tuliliongea jambo hilo mara moja, tukacheka, tukakubaliana kwamba kila mmoja atamsikiliza wake nyumbani na hatutalileta baina yetu. Watoto hawakupatana. Walipata marafiki wengine, kama wafanyavyo watoto, na ikawa sisi ndio tunaotembeleana huku wao wameketi pembe mbili za sebule wakinung'unika, wanaburutwa kwenda kwa marafiki wa mama zao. Sijui kama kuna dalili ya wazi kuliko hiyo.

Januari mwaka ukapinduka. Darasa la tatu likawa na watoto wengi kuliko vyumba, likagawanywa: madarasa mengine yakabaki mkondo wa asubuhi, mengine yakapelekwa mchana. Binti yangu alibaki. Pacha wakapelekwa mchana, asubuhi wakaenda chuoni kusoma Kurani. Wazazi wengi walinung'unika, na kwa haki. Mama Pacha na mimi tuliitazama ile karatasi ubaoni tukafikiri kwanza kwamba kibao chetu kimekwisha. Kisha yeye, mtu wa kukata vitambaa bila kupoteza kipande, akasema:

"Ngoja. Saa sita wangu wanaingia, wako anatoka. Si safari moja hiyo?"

Ilikuwa safari moja. Anayewapeleka pacha anaweza kumrudisha binti yangu, na anayemfuata binti yangu anaweza kuwapitia pacha njiani. Tukawaandikisha kwa mwalimu, majina yetu yote mawili, safari hii kwa wino. Tukagawana wiki: siku hizi zako, hizi zangu, na Ijumaa, siku ya msikiti, tukaangalia nani ana nafasi. Mchana wa zamu ya mwenzio unabaki nyumbani. Mimi nikahariri kurasa nyingi kuliko miaka yote iliyotangulia, yeye akamaliza magauni kwa wakati. Jioni, pacha wakishatoka, mmoja anakwenda kwa mwenziwe, tunakaa barazani na chai ya mchaichai hadi giza.

Langoni, kwa hiyo, hatukuonekana tena pamoja. Wiki kadhaa baada ya mpango huo kuanza ilikuwa zamu yangu, nimekaa mwisho wa kibao upande wa lango, na babu wa baiskeli akaja kuegesha kando yangu. Nikamwamkia, akaitikia. Alitazama mbingu, lakini swali lake la siku zote hakuliuliza. Alisogeza kofia, akainama kidogo ili dada wa bajia asisikie.

"Mwanangu, samahani kuingilia. Yule shoga yako na wewe mmegombana?"

Nikamwambia hapana, babu, kwa nini?

"Mbona kila siku namwona mmoja tu? Akija yeye, wewe hupo. Ukija wewe, yeye hayupo." Akatikisa kichwa. "Mimi nilitaka nikupatanisheni. Nishamwambia na Baba wa Vespa, tuje sote Ijumaa, baada ya sala."

Nikampa bajia, nikaanza kumweleza habari ya mikondo, tangu mwanzo.